Kupima nguvu ya injini ya dizeli ya kinu cha posho kwa torki na mizunguko

Mwenye kinu kimoja cha posho huko Kangemi, Nairobi, aliniita kwa sababu kinu chake cha nyundo kilikuwa kikisongwa kila mara kilango cha hopa kilipofunguliwa kupita nusu. Injini ilitoa moshi mweusi, mlio wake ukazama, mikanda ikalia, na kijana anayesaga akalazimika kufunga kilango haraka na kusubiri mashine ipate pumzi. Fundi aliyetangulia alikuwa amemshauri abadilishe puli ya kinu, aweke ndogo zaidi ili nyundo zizunguke kwa kasi, kwa maelezo kwamba kasi ndiyo nguvu. Kabla hajatoa pesa zake nilimwomba asubuhi moja ya kupima, na mwongozo huu unafuata vipimo vya asubuhi ile hatua kwa hatua, ili mtu mwingine mwenye injini ya namna hiyo aweze kuvirudia kwake.

Injini yenyewe ni ya silinda moja, ya kupozwa kwa maji, isiyo na tabochaja. Kibati chake kinasema nguvu za farasi 12, kilowati 8.8, mizunguko 2,000 kwa dakika. Ukigawanya 8.8 kwa 12 utapata wati 733 hivi, na utaona kwamba farasi wa kibati hiki ni yule wa kipimo cha metriki wa wati 735, wala si yule wa Kiingereza wa wati 746. Kwa hiyo ni salama zaidi kuhesabu kwa kilowati tangu mwanzo na kuwaacha farasi kando.

Maneno matatu kabla ya kushika spana

Katika mazungumzo ya kila siku neno nguvu hubeba mambo matatu tofauti, na hapo ndipo ushauri wa ile puli ulipopotokea. Kani ni msukumo au mvuto, nayo hupimwa kwa nyutoni. Torki ni msokoto: ni kani hiyo ikizidishwa kwa umbali wake kutoka katikati ya shafti, nayo hupimwa kwa nyutoni mita. Nguvu, kwa maana inayotumika humu, ni kiasi cha kazi kinachofanywa kwa kila sekunde, nayo hupimwa kwa wati. Injini inaweza kuwa na msokoto mkubwa na nguvu ndogo, kama zile injini za zamani za Lister za farasi 6 zilizozunguka mara 650 tu kwa dakika, ambazo msokoto wake wa takriban nyutoni mita 65 unaishinda kwa mbali injini hii ya Kangemi, ingawa nguvu yake ni nusu.

Uhusiano wa torki na nguvu unaonekana vizuri ukifikiria mzunguko mmoja. Tuseme shafti inasokota kwa nyutoni mita 34.5. Katika mzunguko mmoja, kazi inayofanywa ni torki hiyo mara 6.283, ambayo ni pai mara mbili, na jibu ni juli 217 hivi. Kwa mizunguko 2,000 kwa dakika, shafti inazunguka mara 33.3 kila sekunde. Basi juli 217 mara 33.3 ni wati 7,230 hivi, yaani kilowati 7.2. Hesabu nzima ni hiyo. Ukikusanya pai mbili, sekunde 60 na wati 1,000 za kilowati katika namba moja, unapata fomula fupi ambayo P ni kilowati, T ni nyutoni mita, na N ni mizunguko kwa dakika:

```
P = T × N / 9549
```

Jambo la kushika ni kwamba T na N lazima zisomwe kwa wakati mmoja, kwenye shafti ile ile. Wengi huchukua torki kubwa kabisa iliyoandikwa kwenye kitabu cha injini, ambayo hupatikana kwenye mizunguko ya chini, wakaizidisha kwa mizunguko ya juu ya kibati. Jibu hilo si la injini yoyote, kwa sababu injini haitoi vyote viwili kwa pamoja.

Kutengeneza breki ya kupimia

Torki haionekani kwa macho. Njia ya kuipima ni kuizuia na kusoma kani inayohitajika kuizuia. Vipande viwili vya mbao ngumu huchongwa mviringo wa ukingo wa gurudumu zito la injini, lile ambalo mafundi huliita flaiwili, kisha hukazwa juu na chini ya gurudumu hilo kwa boliti mbili ndefu zenye nati za kukazia kwa mkono. Kwenye kipande cha juu hufungwa mkono mrefu wa mbao unaotoka upande mmoja. Injini inapozunguka, msuguano hutaka kuubeba mkono huo uende na gurudumu, na mkono huo hukandamiza mizani iliyowekwa chini ya ncha yake. Sisi tulitumia mizani ya jukwaa ile ile inayopimia mahindi ya wateja.

Hakikisha kwamba upande ambao mkono umetokea ni ule ambao gurudumu linashuka, la sivyo mkono utarushwa juu badala ya kukandamiza mizani. Hata ukiwa na uhakika, funga mnyororo kutoka kwenye mkono hadi kwenye fremu ya injini, kwa sababu mbao zikinasa ghafla mkono huo unageuka rungu. Asisimame mtu yeyote kwenye mstari wa mzunguko wa gurudumu. Anayekaza nati na anayesoma mizani wote wakae kando.

Kati ya mkono na mizani weka kipande cha chuma cha mviringo kinachogusa mbao mahali pamoja tu. Kisha pima umbali wa mlalo kutoka katikati ya shafti hadi pale chuma kinapogusa. Kwetu ulikuwa mita 0.80. Kipenyo cha gurudumu hakiingii kwenye hesabu hata kidogo, jambo ambalo lilimshangaza mwenye kinu. Lakini kani ya msuguano kwenye ukingo na kani kwenye mizani ni pande mbili za msokoto uleule, na sisi tunausoma upande wa mizani, kwa hiyo umbali unaohusika ni wa mizani. Mkono uwe mlalo. Ukiinama, usipime urefu wa mbao, pima ule umbali wa mlalo.

Uzito wa mkono wenyewe nao unaikandamiza mizani, kwa hiyo unapaswa kuondolewa. Ukiuweka tu juu ya mizani injini ikiwa imezimwa, msuguano kidogo wa mbao kwenye gurudumu utakudanganya. Legeza nati, zungusha gurudumu kwa mkono polepole kuelekea upande mmoja na usome mizani, kisha zungusha kuelekea upande wa pili na usome tena, ukachukue wastani. Sisi tulisoma kilo 2.7 na kilo 2.1, wastani ni kilo 2.4, na hiyo ndiyo tuliyoitoa katika kila kipimo kilichofuata.

Kusoma mizunguko

Takomita ya mwanga inauzwa katika maduka ya vifaa mjini na haihitaji kugusa chochote. Gundisha kipande kimoja cha utepe unaong'aa kwenye gurudumu, na kama gurudumu lina sehemu nyingine za chuma zilizosuguliwa zikang'aa, zipake kaboni au rangi nyeusi, maana takomita huhesabu kila mng'ao kama mzunguko. Ukisoma namba iliyo mara mbili ya ile unayoitarajia, tafuta mng'ao wa pili. Na ikiwa inasoma karibu na 6,000 bila kubadilika, angalia juu: taa ya mrija ya zamani kwenye umeme wetu wa mizunguko 50 kwa sekunde humweka mara 100 kila sekunde, na takomita inahesabu taa badala ya injini.

Vipimo vyenyewe

Injini ipashwe moto kwanza, na mikanda ya kinu iondolewe. Fungua mtambo wa mafuta hadi mahali unapokaa wakati wa kusaga na usiuguse tena hadi mwisho. Bila mzigo injini yetu ilizunguka mara 2,140 kwa dakika. Kuanzia hapo kaza nati kidogo kidogo, ngoja mlio utulie, soma mizani na takomita kwa pamoja, kisha legeza mara moja. Usishikilie mzigo kwa zaidi ya nusu dakika, kwa sababu nguvu yote ya injini inageuka kuwa joto kwenye zile mbao, na kilowati saba ni joto la majiko kadhaa ya umeme katika vipande viwili vya mti. Zikianza kutoa moshi, pumzika.

Kipimo cha kwanza cha mzigo wa wastani kilitoa kilo 4.9 kwenye mizani na mizunguko 2,070. Toa kilo 2.4, zinabaki 2.5. Zidisha kwa 9.8 kupata nyutoni 24.5, kisha kwa mita 0.80 kupata torki ya nyutoni mita 19.6. Mara 2,070, gawanya kwa 9549: kilowati 4.2. Ukisahau ile 9.8, jibu lako litakuwa dogo karibu mara kumi, na hilo ni kosa jepesi kulitambua. Ukisahau kutoa uzito wa mkono, jibu litakuwa kubwa kiasi cha kupendeza, na hilo ndilo kosa linaloponyoka.

Tulipokaza zaidi, mizunguko ilishuka hadi 2,000 na mizani ikafika 6.6. Hiyo ni torki ya nyutoni mita 32.9, na nguvu ya kilowati 6.9. Hapo moshi ulianza kuonekana. Tulikaza tena: kwa mizunguko 1,850 torki ilikuwa 34.5 na moshi mweusi, na kwa mizunguko 1,600 torki ilikuwa 35.3. Tazama kinachotokea kwenye nguvu: 6.9, kisha 6.7, kisha 5.9. Msokoto unaendelea kupanda polepole, lakini mizunguko inaanguka haraka kuliko unavyopanda, na zao lao linapungua. Ndiyo sababu kinu kilikuwa kikisongwa ghafla badala ya kuchoka taratibu. Mahindi yakizidi, injini inapita kilele cha nguvu yake, na kila mzunguko unaopotea unaifanya iwe dhaifu zaidi mbele ya mzigo uleule.

Kwa nini basi 6.9 ilhali kibati kinasema 8.8? Sehemu kubwa ya jibu ni mahali. Kangemi iko takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na mgandamizo wa hewa huko ni kama asilimia 80 tu ya ule wa Mombasa. Injini isiyo na tabochaja inavuta ujazo uleule wa hewa, lakini hewa yenyewe ni nyepesi, kwa hiyo haiwezi kuchoma mafuta yote ambayo ingeyachoma pwani. Kanuni ya mafundi ni kutoa asilimia moja hivi kwa kila mita 100, ambayo hapa inatuacha na kilowati 7.2 au zaidi kidogo. Kuongeza mafuta kwenye pampu hakuleti hewa. Kunaleta moshi, na joto linaloharibu pistoni.

Ilibaki tofauti ndogo ya kama theluthi ya kilowati. Tulifungua chujio la hewa, lile la bakuli la mafuta, tukakuta mafuta yamegeuka uji mzito wa unga na vumbi. Ni ugonjwa wa kawaida wa injini inayoishi chumba kimoja na kinu. Tuliosha, tukaweka mafuta mapya, tukapima tena kwa mizunguko 2,000: mizani ilisoma 6.8, torki ikawa 34.5, na nguvu kilowati 7.2. Nikaridhika kwamba injini ni nzima na kwamba hiyo ndiyo nguvu iliyopo Kangemi.

Puli haiongezi nguvu

Puli ya injini ina kipenyo cha milimita 210 na ya kinu milimita 140, kwa hiyo kinu huzunguka mara moja na nusu kwa kila mzunguko wa injini: mizunguko 3,000 kwa dakika. Torki nayo inagawanywa kwa namba ileile, kutoka 34.5 hadi 23.0, na tukikadiria kwamba mikanda inapoteza asilimia tano, kinu kinapata karibu 21.9. Zidisha 21.9 kwa 3,000, gawanya kwa 9549, na utapata kilowati 6.9, ambazo ni zile 7.2 za injini ukitoa hasara ya mikanda.

Fundi alipendekeza puli ya milimita 120. Kinu kingezunguka mara 3,500, na torki yake ingeshuka hadi 18.7. Nguvu inayofika ingekuwa ileile 6.9, kwa sababu puli inabadilishana msokoto kwa mizunguko bila kuzalisha chochote. Hasara ingekuja kutoka upande mwingine. Nyundo na feni ya kinu zinapiga hewa muda wote, hata hopa ikiwa tupu, na nguvu inayoliwa na kupiga hewa hukua takriban kwa mchemraba wa kasi. Kutoka 3,000 hadi 3,500 hiyo ni ongezeko la karibu asilimia 60. Zaidi ya hayo, kani inayozivuta nyundo zitoke kwenye pini zake hukua kwa mraba wa kasi, yaani asilimia 36 juu ya ilivyo. Nyundo iliyochomoka haichagui ukuta au mtu, na mimi nisingekubali kuipandisha kasi mashine ambayo kibati chake hakiruhusu.

Injini iwe mizani yake yenyewe

Kuna faida moja ya vipimo vile ambayo inabaki hata baada ya breki ya mbao kuvunjwa kuwa kuni. Gavana wa injini hupunguza mizunguko kidogo kidogo mzigo unapoongezeka: bila mzigo 2,140, kwa torki ya 19.6 ni 2,070. Kati ya namba hizo mbili mstari ni karibu ulionyooka, yaani kila mizunguko 10 inayopotea ni takriban nyutoni mita 2.8. Basi rudisha mikanda, washa kinu kikiwa kitupu, na usome takomita.

Kinu cha Kangemi kikiwa kitupu kilisoma 2,110. Mizunguko 30 imepotea, torki ni 8.4, na 8.4 mara 2,110 gawanya kwa 9549 ni kilowati 1.9. Kilowati karibu mbili zinaliwa na hewa, beringi na mikanda kabla punje moja haijavunjwa! Kwa kusaga zinabaki kama 5.3. Namba hiyo ilimwambia mwenye kinu mengi kuliko kibati. Tulikagua beringi, zikawa sawa na baridi; mikanda ilikuwa imekazwa kupita kiasi, na tulipoilegeza hadi ikabonyea kiasi cha upana wa kidole gumba katikati, takomita ilipanda hadi 2,115. Nyundo zilikuwa zimekwisha kona za upande mmoja, kwa hiyo tulizigeuza. Kona iliyoviringika huisukuma punje kuizunguka badala ya kuivunja, na nguvu inaishia kwenye joto la unga.

Mbinu hii ina mipaka yake. Inafaa tu kwenye sehemu ambayo gavana bado ana mafuta ya kuongeza, yaani juu ya mizunguko 2,020 hivi kwa injini hii. Chini ya hapo mafuta yamefika mwisho wake, mizunguko inaanguka kwa sababu nyingine, na ule mstari haukuambii kitu. Pia, mtu akigusa springi ya gavana au akisogeza mtambo wa mafuta, lazima mizunguko ya bila mzigo isomwe upya kabla ya kuamini chochote.

Mpaka huohuo ndio tulioufanya kuwa alama ya kazi. Kijana anayesaga alifungua kilango polepole huku mwenzake akiita namba za takomita: 2,090, 2,060, 2,040. Kwenye 2,030 alisimama, akakwaruza mstari kwa msumari kwenye bati la hopa kando ya kilango. Mahindi makavu yalipita hapo bila moshi na bila kusongwa. Siku iliyofuata mteja alileta mahindi yenye unyevu, na kwenye mstari uleule takomita ilishuka chini ya 2,000. Ilibidi akwaruze mstari wa pili, wa mahindi mabichi, upana wa kidole chini ya ule wa kwanza.